Slaidi za usaili: kuzigeuza notsi za mazoezi zenye alama za muda na sehemu za kukata

"Nina usaili wiki ijayo, nimepewa dakika 15 za kuwasilisha. Slaidi ninazo 12, zimekamilika, ila kila nikifanya mazoezi nafika dakika 19. Halafu jamaa mmoja kaniambia majopo mengine hupunguza muda palepale. Notsi zangu niziandaeje?"

Mkuu, hilo la kupunguziwa muda limenikuta mara mbili. Mara ya kwanza niliongeza kasi. Nikawa naongea kama dalali wa mnada, na mwenyekiti aliponiambia muda umekwisha nilikuwa bado kwenye jedwali la matatizo. Pendekezo langu lilikuwa slaidi ya mwisho, hawakuliona kabisa. Nitakueleza nilivyojipanga mara ya pili. Kazi ilikuwa ya usimamizi wa ghala, na mada waliyonipa ni namna ya kupunguza oda zinazochelewa kutoka.

Nilianza kwa kujirekodi kwa simu, nimesimama, nikiongea kwa sauti ile ile ya mbele ya watu. Ukisoma kimoyomoyo unajidanganya, utapata dakika 11 halafu siku yenyewe zinakuwa 17. Nilipousikiliza mkanda nikaandika kila slaidi imekula muda gani. Slaidi ya ajenda na ile ya "mimi ni nani" zilimeza karibu dakika mbili, na CV yangu walikuwa nayo mezani. Nikazifuta. Jedwali la sababu za ucheleweshaji lilikula dakika nne na ushee, maana nilikuwa nasoma kila mstari. Nikachagua mistari miwili ya kuongelea, mingine wataisoma wenyewe kwa macho. Pendekezo nikalipandisha juu kwa sentensi moja, likawa slaidi ya 2. Hapo zikabaki slaidi 10, na jumla ikawa 13:15. Usilenge 15 kamili. Projekta itasumbua kidogo, mtu atakohoa, mwingine atauliza swali katikati, na dakika yako moja na nusu imeshakwenda.

Notsi zenyewe niliziandika kwa mkono, karatasi mbili, upande mmoja tu. Kwa kila slaidi niliandika kwa ukamilifu sentensi ya kuingilia na ya kutokea. Katikati ni maneno matatu manne tu ya kunikumbusha. Ukiandika kila kitu utasoma, na jopo litaona unasoma. Slaidi ya 4 ilikaa hivi, na KATA 10 ni kipande cha kuacha nikipewa dakika 10:

```
[4] SABABU
INGIA: "Oda nyingi hazikwami barabarani,
        zinakwama humu humu ndani."
  - kusubiri saini
  - mzigo kuwekwa rafu isiyo yake   (KATA 10)
TOKA:  "Hili la saini nimewahi kulishughulikia."
```

Alama za muda sikuweka kwenye kila slaidi. Nilijaribu mwanzoni, nikajikuta natazama saa kuliko watu. Niliweka tatu tu, pembeni kwa kalamu nyekundu: natoka slaidi ya 3 saa ikisoma 3:00, natoka ya 5 ikisoma 7:30, natoka ya 8 ikisoma 11:00. Angalia kwamba ni muda uliokwisha kupita tangu nianze, siyo "slaidi hii dakika mbili". Ukiwa umesimama mbele ya watu watano, akili ya kujumlisha na kutoa haipo. Unataka kutupa jicho kwenye saa, kisha kwenye karatasi, uone kama vinafanana. Nikiwa nyuma kwa sekunde 20 au 30 naendelea. Nikizidisha dakika nzima, nakata kitu kilichokwishaamuliwa nyumbani.

Hapa kwenye kukata ndipo wengi wanapokosea. Watu hupunguza kidogo kidogo kila slaidi, lakini ukiwa na presha hupunguzi chochote, unaongeza mbio tu. Kata kipande kizima. Na usikate mwisho, kwa sababu ombi lako liko huko.

Kwa dakika 10 niliondoa slaidi ya 7, 8 na 9, yaani hatua ya pili, ya tatu na ile ya hatari. Hizo ni dakika 3. Kwenye slaidi ya 4 nikabakiza sababu moja tu, nikaokoa 1:30. Ikabaki 8:45. Mfano wa kazi niliyowahi kufanya, slaidi ya 5, sikuugusa: wazo la kupunguza saini kila msailiwa anaweza kuja nalo, lakini kulitekeleza na kuona limeshika wapi hakuna wa kukusimulia ila aliyelifanya. Kwa dakika 5 nilibakiza 2, 5 kwa ufupi, 6 na 10. Jumla 4:25.

Kila ulipokata, andika sentensi ya kuvukia. Kutoka 6 kwenda 10 yangu ilikuwa: "Hatua hii ya kwanza ndiyo ningeanza nayo, na siku 30 za mwanzo zingekuwa hivi." Bila daraja hilo utajikuta unasema "hii tuiruke, na hii, na hii", huku slaidi zinapita mbele ya macho yao, na kila mtu anajua kuna kitu hakupata.

Kuruka kwenyewe ni rahisi. Ukiwa kwenye onyesho la PowerPoint, andika 10 kisha bonyeza Enter, unatua slaidi ya 10 bila kupitia za katikati. Ndiyo maana notsi zangu zina namba kubwa kwenye mabano. Ila ukishaandika notsi usiongeze wala kufuta slaidi, namba zitahama. Kama kuna moja huitaki tena, ifiche tu kwa Hide Slide, namba yake haibadiliki.

Angalizo moja la kiufundi, nusura liniumbue: ile Rehearse Timings. Inapima muda vizuri, lakini mwishoni inakuuliza kama uhifadhi muda huo. Ukikubali, slaidi zitajigeuza zenyewe siku ya usaili kwa mwendo ule wa mazoezi. Niligundua usiku wa kuamkia siku yenyewe, slaidi ya 3 ikaniondokea nikiwa katikati ya sentensi. Nenda Slide Show, ondoa tiki kwenye Use Timings.

Mazoezi niligawa hivi: toleo refu mara tatu, la dakika 10 mara mbili, la dakika 5 mara moja. Zaidi ya hapo nilirudia viungo peke yake, yaani sentensi ya mwisho ya slaidi ya 6, bonyeza 10, sentensi ya kwanza ya 10. Ulimi hukwama kwenye viungo kuliko kwenye maelezo.

Siku yenyewe mwenyekiti akasema, "Samahani, tumechelewa, tunaomba utumie dakika kumi." Nikajibu sawa mwenyekiti, nikafuata alama za kalamu ya bluu: natoka ya 4 saa ikisoma 4:00, ya 5 ikisoma 6:00, ya 6 ikisoma 7:30. Nilimaliza nikiwa na karibu dakika moja mkononi. Saa yenyewe ilikuwa ya mkononi, nimeivua na kuilaza juu ya karatasi. Simu ya kupimia muda inaweza kuita. Kwenye maswali mama mmoja wa jopo akauliza, "Na wafanyakazi wakikataa utaratibu huo mpya?" Nikaandika 9, nikabonyeza Enter.