Kurekebisha insha binafsi: muundo kwanza, sentensi mwisho

"Wakuu, naandika insha inayonihusu mwenyewe, ya kuombea skolashipu, mwisho maneno 650, mimi niko 900 na kitu. Kila nikikaa kurekebisha naishia aya ya kwanza tu, nabadilisha maneno weee. Nyie mnafanyaje?"

Mkuu, tatizo unafanya kazi tatu kwa mkupuo mmoja. Mimi huwa naipitia raundi tatu, muundo, halafu aya, halafu sentensi, na sirukii ya mbele kabla ya ile ya nyuma kuisha. Maana sentensi ukishaihangaikia ikakaa vizuri inakuuma kuifuta, hata kama aya yote ilitakiwa iondoke, ndo hapo watu wanabaki na insha yenye sentensi tamu ila haieleweki inaenda wapi.

Chukulia ya binamu yangu, aliandika kuhusu kipindi alichoshika genge la mama yake Tabata mama alipokuwa anaumwa mgongo. Aya saba. Nikamwambia chukua karatasi, kila aya iandikie mstari mmoja tu, nani anafanya nini humo ndani. Ikatoka hivi: ya kwanza elimu ni muhimu, ya pili nimezaliwa familia ya hali ya chini, ya tatu naenda soko la Ilala nauziwa tenga la nyanya juu nzima chini mbovu, ya nne mama anaumwa, ya tano daftari la madeni, ya sita elimu tena, ya saba ndoto zangu.

Ukiiangalia karatasi ile unaona bila hata kusoma insha. Hadithi inaanzia aya ya tatu, ya kwanza na ya sita ni kitu kilekile, na ugonjwa wa mama unakuja baada ya sokoni wakati ndo uliompeleka sokoni. Halafu kuna shimo: kutoka kwenye tenga bovu mpaka daftari hakuna mahali anaposema alifikiria nini akabadilisha nini, na hicho ndicho msomaji wa maombi anakitafuta. Kwa hiyo raundi hii si kukata tu, kuna aya mpya ilibidi aiandike, namna alivyoanza kumwambia muuzaji amwage tenga chini kabla ya kulipa. Angalizo, kama mstari wako unasema "inaelezea maisha yangu" hujaandika kitu, rudia.

Raundi ya pili unachukua aya moja moja unaiweka peke yake kwenye ukurasa mtupu. Ya daftari ilianza na wateja wanaokopa, katikati ikaruka bei ya mkaa, ikarudi kwa wateja. Ile ya mkaa ilikuwa sentensi nzuri kabisa ila haikuwa na kazi pale, tukaihamishia faili la pembeni (mi sifuti kabisa, roho inatulia ukijua ipo). Kingine alikuwa anatanguliza funzo, "nilijifunza uvumilivu", ndo tukio linafuata. Geuza, tukio litangulie, mara nyingi utakuta ile sentensi ya funzo haina tena cha kuongeza unaitoa bila maumivu.

Sasa ndo sentensi. Soma kwa sauti, penseli mkononi, unapoishiwa pumzi au ulimi ukigoma weka alama endelea, usirekebishe hapohapo. Yeye aliandika: "Nilijikuta nikiwa katika hali ya mshangao kutokana na kitendo cha muuzaji kuweka nyanya zilizooza." Hali ya, kitendo cha, nilijikuta, hayo ni maneno ya barua ya ofisini, yanaficha nani kafanya nini. Ikawa: "Nikamwaga tenga. Juu nyanya ngumu, kuanzia katikati majimaji." Mshangao msomaji ataupata mwenyewe. Ila usikatekate kila sentensi ndefu, kuna moja mama anataja wadaiwa mmoja baada ya mwingine akiwa amelala, ile tuliiacha ndefu kwa sababu deni lenyewe lilikuwa refu.

Kuna sentensi utaigeuza kila upande bado haikai. Mara nyingi hiyo si shida ya maneno, ni aya haijui inataka kusema nini, rudi raundi ya pili.

Kuhusu 900 yako, usianze kuhesabu maneno sasa. Binamu sehemu kubwa ya ziada iliondoka kwenye raundi ya kwanza kabla hajagusa sentensi hata moja, maneno ya mwisho mwisho ndo tukayatoa kwenye zile "hali ya" na "kitendo cha". Kati ya raundi lala hata usiku mmoja. Kama dedilaini ni kesho, fanya karatasi ya mistari leo, kata panapojirudia, kesho asubuhi soma kwa sauti mara moja utume, raundi ya aya ndo ya kuruka.