Kulegeza hotuba bila kulegeza uamuzi

Wewe unayeanza kuandikia wakubwa hotuba, siku moja utaambiwa: "Hii ni kavu mno, iwe kama naongea na watu." Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, nilikosea. Mkurugenzi alikuwa anatangaza ratiba mpya ya zamu, na rasimu ilisomeka hivi: "Kufuatia tathmini iliyofanyika, imeamuliwa kwamba utekelezaji wa ratiba mpya utaanza tarehe 1 mwezi ujao." Nikaibadili: "Jamani, tumefikiri labda tuanze ratiba mpya mwezi ujao." Alipomaliza kuisoma, mkono wa kwanza ukanyooshwa: "Kwa hiyo ni lazima, au bado tunajadiliana?"

Swali hilo likiulizwa, jua umelegeza mahali pasipostahili. Nilikuwa nimepunguza uzito wa uamuzi wenyewe kwa "labda" na "tumefikiri", tena nikaifuta tarehe. Ukavu ulikuwa kwingine: katika "imeamuliwa", ambayo haisemi nani kaamua, na katika "utekelezaji" na "tathmini iliyofanyika", majina yaliyomeza vitenzi.

Leo ningeandika hivi: "Kwa miezi mitatu tumeangalia jinsi kazi inavyogawanyika. Wanaokesha wanabeba mzigo mkubwa kuliko sisi wa mchana, na mmeniambia hivyo zaidi ya mara moja. Nimeamua ratiba mpya ianze tarehe 1 mwezi ujao."

Tazama viambishi. "Tu-" iko kwenye kazi ya kuangalia, kwa sababu kweli waliifanya pamoja. "Mme-" inawarudishia wasikilizaji maneno yao. Kwenye uamuzi nimeweka "ni-", maana mwenye kuamua ni mmoja, na watu wanamheshimu anayejitaja. Ukiandika "tumeamua" ilhali hawakuulizwa, watanong'onezana, "Tumeamua na nani?" Ila kama uamuzi ni wa bodi, itaje bodi, usimbebeshe msemaji kisicho chake.

Joto lote limeingia kwenye sababu, kabla ya uamuzi. Sentensi ya uamuzi nimeiacha fupi, haina "kwa kweli", haina "naomba tu", haina msamaha. Tarehe na tarakimu usiziguse kabisa. Na "ndugu zangu" moja mwanzoni inatosha. Ikirudi kila aya inaanza kusikika kama kubembeleza.

Ukishamaliza, mpe msemaji aisome kwa sauti huku wewe umeshika kalamu, usimkatize. Weka alama kila anapoishiwa pumzi kabla ya nukta: hapo sentensi ikatwe. Weka nyingine anapobadili neno bila kujua. Mkurugenzi yule kila alipofika kwenye "changamoto" alitamka "shida". Nilimsahihisha mara mbili, kisha nikafuta langu nikaandika lake.