Lebo ya chupa ya alizeti: upana gani, mshono ukae wapi?

Nakamua alizeti Kibaigwa. Chupa ya lita moja ina kipenyo cha milimita 80, nikapiga hesabu nikapata lebo ya milimita 251. Nikiizungusha, ncha hazikutani vizuri. Nimekosea wapi?

Hesabu ni sahihi, ila uliyoipata ni mzingo wa chupa tu: 80 × 3.1416 = 251.3. Ncha moja inatakiwa ipande juu ya nyingine, kwa hiyo ongeza milimita 8, uandike 260. Kwa wanaobandika kwa mkono sipungui 5, maana mkono ukipinda kidogo tu mshono unaacha pengo upande mmoja. Ukivuka 12 unalipia karatasi isiyoonekana.

Tena chupa hazilingani. Kipenyo kikizidi kwa milimita 1, mzingo unazidi kwa 3.14. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimkatia mteja wa Singida lebo kwa mzingo kamili, nikitegemea chupa moja aliyoniletea. Chupa za robota lililofuata zilikuwa nene kidogo, na kila lebo ikaacha ufa ulioshika vumbi kwenye gundi. Nililipia uchapaji upya.

Je, futi ya fundi cherehani inatosha kupimia?

Hapana, inarefuka ukiivuta. Kata ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye chupa iliyojazwa na kufungwa kizibo, halafu chora mstari kwenye karatasi ya chini pale ukingo wa ya juu unapoishia. Fungua, upime kwa rula ya chuma kutoka ukingo ule hadi mstari. Huo ndio mzingo.

Nasisitiza chupa iliyojaa, na mafuta yawe yamepoa. Mafuta yakifungwa ya moto, chupa hunywea yakipoa, na lebo iliyobandikwa mapema hujikunja. Pima sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya eneo la lebo, kwenye chupa tano za marobota tofauti, ukatumie mzingo mkubwa kuliko yote. Juu na chini zikitofautiana zaidi ya milimita 2, chupa hiyo imechongoka: lebo ya mstatili itapanda upande mmoja, na ncha hazitakutana sawa hata ukiwa mwangalifu.

Nataka jina litokee pande mbili za chupa. Nimeigawa lebo ya 260 katikati, majina yakakaa umbali wa 130, lakini kwenye chupa upande mmoja yamesogeleana. Kwa nini?

Kwa sababu umegawa karatasi badala ya mzingo. Chupa ina 251.3 tu, hivyo 130 upande mmoja inaacha 121.3 upande wa pili, na jicho linaona tofauti hiyo ya karibu milimita 9.

Fanya hivi. Sehemu inayofunikwa ni 260 − 251.3, yaani 8.7, nayo iwe kwenye ncha inayobandikwa kwanza, tuseme ya kushoto. Uichore kwenye faili kama ukanda uliokufa, bila maandishi. Kuanzia ukingo wa ukanda huo, jina la kwanza liwe robo ya mzingo, la pili robo tatu. Ukihesabu kutoka mwanzo wa karatasi, katikati ya majina inaangukia milimita 71.5 na 197.2. Kati yao kuna karibu 125.7, na upande wa mshono ni hivyo hivyo.

Rangi ya usuli iingie milimita 2 ndani ya ukanda, ili mstari mweupe usichungulie kwenye mshono. Sehemu iliyobaki iache wazi, bila wino wala vanishi, kwa sababu gundi ya maji haishiki vizuri kwenye uso unaong'aa. Wengi wanalaumu gundi wakati kosa ni hilo la vanishi. Msimbopau na tarehe ya kuisha viwe mbali na mshono.

Kwenye kompyuta lebo ni 260, ikitoka stationery ni 252. Mchapaji anasema faili ni langu.

Printa imeibana. Mpangilio wa `Fit` unapunguza ukurasa ili kuacha pambizo, mara nyingi kama asilimia 97, na 260 × 0.97 ni 252.2. Sehemu ya kupandana imeliwa karibu yote. Chagua `Actual size`, karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo ikilala 260 inaingia bila kubanwa. Chora mstari wa milimita 100 pembeni ya lebo, na kabla ya kuchapa nakala mia tano, pima mstari huo kwenye nakala ya kwanza.