Paa limeanguka, paa ameanguka

Swali: Mwalimu, mimi ni mgeni kutoka ng'ambo, nina mwaka mmoja hapa Mbale na ninajifunza Kiswahili. Nilisoma "paa la darasa limeanguka" nikadhani ni mnyama. Kisha mama mwenye nyumba akaniambia, "Jumamosi watoto watapanda miti," nami nikamuuliza kama hawataanguka. Akacheka sana. Neno moja likiwa na maana nyingi, nitajuaje iliyokusudiwa?

Jibu: Ulitazama neno lenyewe na kuruka silabi iliyokuwa na jibu. Katika "limeanguka", hiyo "li" haiwezi kumhusu mnyama. Paa wa porini, yule swala mdogo, husema "a": paa ameanguka. Wakiwa wengi, paa wameanguka. La nyumba ni "li", na yakiwa mengi ni mapaa yameanguka. Ukikutana na paa, usianze kufungua kamusi. Angalia kwanza kitenzi kimeanza na nini, au kama limefuatwa na "wa" au "la". Kaa naye yuko hivyohivyo: kaa huyu ana magando, kaa hili linaunguza.

Paa pia ni kitenzi, na hapo utazame kama kuna kitu kinachotendwa. Ndege hupaa tu, basi. Lakini mama akipaa samaki, samaki ndiye anayetolewa magamba. Na kwa kuwa umeshamtaja ndege: ndege amepaa ana manyoya, ndege imepaa ina abiria. Kwa kanuni, herufi moja inatosha kuwatenganisha, ingawa mitaani utasikia "a" ikitumika hata kwa ile ya Entebbe.

Sasa tahadhari, maana uko Uganda. Kiswahili chetu cha sokoni na cha kambini kimepunguza ngeli hizi, kila kitu ni "hii". Utasikia "hii mtoto", "hii mbuzi". Mwambao, ukisema "mbuzi hii", wenyeji watafikiri kifaa cha kukunia nazi, kile kigoda chenye chuma cha meno mbele. Mnyama ni "mbuzi huyu". Mbale, anayekuuzia "hii mbuzi" ameishika kwa kamba. Kwa hiyo ufunguo niliokupa ni wa vitabu, magazeti na redio. Sokoni tazama kilicho mkononi mwa msemaji. Mimi siwacheki wanaosema hivyo, wanaelewana vizuri, ila wewe jifunze kwanza usemi wenye ngeli. Kutoka huo kwenda huu wa sokoni ni rahisi, kurudi ni kazi.

Panda ndilo gumu, kwa sababu ngeli haziwezi kukusaidia: maana zote mbili ni vitenzi, na kitu chenyewe ni mti uleule. Matamshi nayo ni yaleyale. (Si kama barabara: ukikaza "ba" ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari; ukikaza "ra" iliyo kabla yake, ni sawasawa kabisa.) Waganda hawapati tabu hii katika Kiganda chao, kwani kupanda juu ni kulinnya na kupanda shambani ni kusimba, lakini wakiingia kwenye Kiswahili nao hukutana na panda moja.

Jiulize: mti huo upo tayari, au bado? Mama angesema "panda mti ule", ungelazimika kukwea, kwa kuwa mti anaouonyesha kwa kidole umeshasimama. Akisema "panda mti hapa", hapa hapana mti, lete jembe. "Panda mtini" ni kukwea tu. "Mti umepandwa" kwa kawaida ni wa shambani. Anayekwea hutajwa mwenyewe, "mtoto amepanda mti".

Sentensi ya mama yako ilikuwa na dalili mbili. Alisema "miti" bila kutaja ipi, na akaweka siku. Watoto wanaokwea miembe hawapangi Jumamosi, hukwea mwalimu akigeuka tu. Kama bado una shaka, usirudie kitenzi kilekile kwa kuuliza "kupanda vipi?" Tumia neno lisilo na pacha: "Miche ipo?" Akijibu ipo, ni kuotesha. Nawe ukitaka kusema watoto wako juu, sema wanakwea au wanaparamia. Hapo hakuna atakayekuletea jembe.

Boda nayo hupandwa, na bei ya mafuta hupanda, lakini hizo zimetoka kwenye kule kukwea, hazitakusumbua. Zikisababishwa na mtu, utasikia "pandisha": amepandisha bei, amepandisha bendera. Mkulima anayehamisha miche kutoka kitaluni hasemi hivyo, yeye huipandikiza. Akisema amepandisha, muulize habari za ng'ombe wake, kwa sababu amempeleka kwa dume.