Kabla hujaniomba nimuue mbwa wako mzima

Mzee alifika kwangu saa kumi jioni, Jeki amefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya kirikuu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Tanga, na kwa jinsi alivyoshuka bila kumtazama mbwa wake nilijua hakuleta mgonjwa.

"Shikamoo mzee. Anaumwa nini?"

"Marahaba binti yangu. Haumwi kitu. Kamng'ata mtoto wa jirani leo asubuhi. Mchome sindano alale moja kwa moja, tuyamalize."

Jeki ni mbwa wa kienyeji, dume la miaka mitano, rangi ya kahawia. Alikuwa amenenepa vizuri na manyoya yake yanang'aa. Ila jirani alikuwa amesema jua lisizame mbwa yule akiwa hai, la sivyo angemmaliza mwenyewe kwa rungu. Mzee na jirani wanachota maji bomba moja, wanazikana. Ombi lake halikuwa la mtu katili.

Zamani ningemjibu haraka. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja aliyekuwa anahamia mkoa mwingine aliniletea mbwa jike mzima, akaomba nimlaze kwa sababu hana wa kumwachia. Nilimwambia mimi siui mnyama mzima, nikamrudishia kamba yake mkononi. Sikumuuliza amejaribu nani, wala sikujitolea kumtafutia mtu. Baada ya siku mbili kijana wake wa kazi aliniambia mbwa yule alitiliwa sumu kwenye nyama, akatapatapa mpaka alfajiri. Mikono yangu ilibaki safi, na mbwa akafa kifo kibaya kuliko kile nilichokataa kumpa. Tangu hapo sijawahi kusema "hapana" nikaishia hapo. Nikikataa, nabaki na deni la kusema nini kifanyike badala yake, na mwenye mbwa aondoke na kitu anachoweza kukitekeleza usiku huohuo.

Kwa hiyo nilianza na mtoto. Nilimuuliza mzee kidonda kiko wapi na kimefanywa nini. Kiko mkononi, chini ya kiwiko, matundu mawili ya meno, wamepaka mafuta ya taa. Nilimpa simu ampigie jirani palepale: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali leo, siyo kesho, aanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, ndiyo maana mtoto hasubiri mbwa achunguzwe kwanza. Anaanza sindano, na mbwa anachunguzwa wakati huohuo.

Halafu nikamweleza jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililomfanya Jeki alale hai usiku ule. Virusi vya kichaa huingia kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla dalili hazijaonekana, na dalili zikianza mbwa hufa ndani ya siku chache. Maana yake, mbwa aliyeng'ata leo akibaki mzima kwa siku 10 kamili, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Jibu hilo halihitaji maabara. Linahitaji mbwa aliye hai, banda lenye kufuli, na mtu wa kumtazama. Ukimuua siku ya kwanza umelizima jibu. Utabaki na njia moja tu, kukata kichwa, kukihifadhi kwenye baridi na kukipeleka ubongo ukapimwe. Na mbwa akishapondwa kichwa kwa rungu au akatupwa shimoni, hata njia hiyo haipo, na mtoto itambidi amalize sindano zote bila mtu kujua kama zilihitajika.

"Kwa hiyo akiishi, anamsaidia yule mtoto?" mzee akauliza.

Ndiyo. Hayo ndiyo niliyomwomba akamwambie jirani, nami nikapanda kirikuu tukaenda wote, kwa sababu maneno kama haya yakitoka kwa mwenye mbwa peke yake yanasikika kama utetezi. Jirani alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto ameshapelekwa hospitali na mama yake. Hakukubali kwamba mbwa asamehewe. Alikubali siku 10, na nilimwambia hizo zinatosha kwa sasa.

Karantini ya nyumbani ina masharti, na yakivunjwa haina maana. Jeki alifungiwa kwenye banda la zamani la mbuzi, tukaongeza bati upande wenye nafasi. Mlishaji ni mmoja, mzee mwenyewe, anasukuma sufuria kwa fimbo kupitia uwazi wa chini. Watoto hawasogei. Kila asubuhi ananipigia kunieleza kama amekula, amekunywa, na sauti yake ikoje. Nilimwambia aangalie mbwa anayeshindwa kumeza, taya lililolegea na mate yanayochuruzika, sauti iliyobadilika, miguu ya nyuma inayoyumba, kung'ata vyuma na mbao, au tabia tu iliyogeuka, mpole kuwa mkali au mkali kuwa mpole kupita kiasi. Akiona kimojawapo asifungue banda, anipigie. Hapo ningemlaza bila mjadala na kichwa kingekwenda maabara.

Mzee aliniomba nimchome Jeki chanjo palepale, maana kadi yake ilikuwa imepitwa na miezi minne. Nilikataa. Mbwa aliye chini ya uangalizi hachanjwi mpaka siku zitimie, kwa sababu chanjo yenyewe inaweza kumpa homa au unyonge, tukashindwa kujua tunachokiona ni nini.

Siku ya tano nilikwenda. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, hatua kama nne kutoka bandani, nikamtazama nusu saa bila kumsemesha. Alikula vizuri. Lakini kila baada ya muda alitikisa kichwa, akakiinamisha upande wa kushoto, akajikuna nyuma ya sikio kwa mguu wa nyuma huku akitoa mlio mdogo. Nilimwita mtoto wa mzee mwenye umri wa kutosha kuniambia ukweli, nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Jeki alikuwa kwenye mnyororo chini ya mwembe. Mtoto wa jirani alikuja kumpa mabaki ya ugali kama kila siku, akamkumbatia kichwa. Jeki akanguruma. Mtoto hakumwachia. Aling'atwa mara moja, mbwa akaachia na kurudi nyuma mpaka mnyororo ulipomzuia.

Nikiletewa mbwa aliyeng'ata, uzito wote uko kwenye habari za namna hii. Nauliza kama alitoa onyo kabla, kama aling'ata na kuachia au alishikilia na kutikisa, kama kulikuwa na sababu tunayoweza kuiondoa, na kama alikuwa na pa kukimbilia. Mbwa wa mnyororo hana pa kukimbilia, amebakiwa na meno. Nauliza pia ni mara ya ngapi, na hapa watu hunificha, kwa sababu anayetaka mbwa afe huongeza idadi na anayetaka aishi huipunguza. Nakuomba usinifiche. Mimi nakata shauri kwa unachoniambia.

Wapo niliowalaza wakiwa wazima wa mwili, na sitaki mtu asome hapa akadhani sijawahi. Niliwahi kuletewa dume kubwa la ulinzi lililong'ata watu watatu ndani ya mwaka mmoja, wote bila mngurumo, wa mwisho usoni, na lilitolewa kwa kuvutwa na watu wawili. Nilimpima nisipate maumivu popote. Uzio wa yule bwana ulikuwa wa michongoma, hana uwezo wa kujenga ukuta, ana watoto wawili wadogo. Kumpa mtu mwingine kungekuwa kumhamishia hatari mtu asiyejua. Nilikubali, na nilikubali kwa moyo wote, siyo kwa kulazimishwa.

Tulifanya nyumbani kwake. Kwanza nilihakikisha ni yeye mwenye mbwa, akatia saini, kwa sababu nimeshaletewa mbwa na mtu asiye mwenyewe, amechoshwa tu na kubweka kwake. Nilimchoma mbwa dawa ya kumtuliza kwenye misuli, tukasubiri mpaka akalala. Ndipo nikanyoa sehemu ndogo mguuni mbele, nikaingiza sindano kwenye mshipa na kupitisha dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, ile iitwayo pentobabitali. Fahamu hupotea kwa sekunde chache, pumzi inafuata, kisha moyo. Mwenye mbwa ajue mapema kwamba macho yatabaki wazi, na mwili unaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya kufa. Hayo si maumivu. Nilisikiliza moyo kwa dakika tano na kugusa mboni ya jicho kabla sijasema amekwenda. Tulichimba shimo refu, kwa sababu mbwa mwingine au kunguru akila mzoga wenye dawa ile naye hufa.

Jeki hakuwa wa namna ile. Siku ya 10 mzee alinipigia kabla jua halijachomoza: "Amekula, amekunywa, anatikisa mkia." Nilikwenda na kifungo cha mdomo na dawa ya kumtuliza, nikamshika kichwa kwa mara ya kwanza. Sikio la kushoto lilikuwa limejaa uchafu mweusi unaonuka, ngozi ya ndani nyekundu imevimba, na kupe wawili wamejificha kwenye mkunjo. Nililisafisha, nikaacha dawa ya matone ya siku 14, nikamchanja. Niliandika barua fupi kwamba mbwa amemaliza siku 10 akiwa mzima, jirani akaipeleka hospitali, na daktari akasimamisha sindano zilizokuwa zimebaki.

Jirani bado hakumtaka Jeki mtaani. Nilimsikiliza, na sikumwona mbaya. Mwanawe ndiye mwenye makovu, na mbwa angekuwa palepale chini ya mwembe kila mtoto akipita. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamkataza mtu kumtesa mnyama, ila haimlazimishi jirani kuishi na hofu. Mzee naye alisema hawezi kuwa adui wa watu kwa ajili ya mbwa. Nilimwambia nitamlaza Jeki kama hakuna pengine pa kumpeleka, na nilimaanisha hivyo, lakini anipe wiki mbili na aniambie ndugu zake wanaishi wapi.

Ana mdogo wake mwenye shamba Korogwe, asiye na watoto wadogo, anayesumbuliwa na nyani kwenye mahindi. Nilizungumza naye kwa simu mwenyewe, nisingependa apewe mbwa kwa maneno matamu. Jeki aliondoka Jumamosi na kadi mpya ya chanjo, na karatasi niliyoiandika kwa mkono: alimng'ata mtoto tarehe gani, alikuwa ameshikwaje, asifungwe mnyororo, na sikio la kushoto likianza kunuka tena asishikwe kichwani mpaka nimwone.