Zimebaki wiki 3, nipangeje?

"Kidato cha nne, zimebaki wiki 3 tu. Nipangeje ratiba ya kusoma?"

Chukua ratiba ya NECTA, andika kila mtihani kwenye tarehe yake, kisha rudi nyuma. Siku ya kabla ya mtihani ni ya kupitia muhtasari tu. Wiki inayotangulia mtihani wa kwanza, fanya mitihani ya nyuma kwa saa 3 kamili, usahihishe. Kwa hiyo mada usizozielewa zina wiki 2 pekee. Zikizidi, acha zile zisizotokea mara kwa mara.

Wapo wanaosema ugawe siku sawasawa kwa kila somo; wako sahihi nusu. Ukiwa na Fizikia asubuhi na Kiswahili mchana, jioni moja haitoshi kupitia yote mawili: muhtasari wa Kiswahili umalize siku 2 kabla.