Mapema ni lini?

*Swali la wiki: Ni badiliko gani dogo katika ujumbe unaoandika kazini lililokuondolea usumbufu mkubwa?*

Nimeacha kuwaandikia wateja "mapema", "hivi karibuni" na "ndani ya wiki hii". Nipo mapokezi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam, na kazi inayotulisha zaidi ni kadi za harusi.

Chukulia kamati yenye kikao Jumapili tarehe 21 Juni, ambapo wajumbe watagawana kadi za kwenda kusambaza. Ujumbe wetu wa kawaida, tukimtumia mteja prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ulikuwa: "Prufu hiyo hapo, tafadhali ipitie utujibu mapema ili kazi iwahi." Mama wa bwana harusi akisoma hivyo, mapema kwake ni wakati wowote kabla ya kikao. Akijibu Ijumaa hajakosea kitu.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Kadi lazima zichukuliwe Jumamosi tarehe 20 kabla ya saa 6 mchana, maana tukishafunga hatufungui tena hadi Jumatatu. Kukata na kukunja ni Ijumaa. Kuchapa ni Alhamisi, na usiku ule karatasi haziguswi, kwa sababu wino wa ofseti ambao haujakauka hugandia mgongo wa karatasi iliyo juu yake. Pleti, yaani mabati ya kuchapia, hutengenezwa Jumatano, na zikishatoka, kusahihisha herufi moja ya jina la ukoo ni kutengeneza pleti nyingine na kuilipia. Kwa hiyo siku ya mteja kuamua ni Jumanne tarehe 16. Tunamwambia saa 10 jioni ili mbunifu apate muda wa kufanya marekebisho madogo kabla hajaondoka.

Ujumbe ninaomtumia ni huu:

"Shikamoo mama. Prufu ya kadi 300 hii hapa. Naomba uhakiki majina, tarehe, ukumbi na namba za simu, kisha unijibu CHAPA au unitumie marekebisho kabla ya Jumanne tarehe 16 Juni, saa 10 jioni (16:00). Jibu likiwahi, kadi utazichukua Jumamosi tarehe 20 Juni, kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana. Likifika Jumatano jioni, kadi zitatoka Jumatatu tarehe 22, baada ya kikao."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa. Bila hiyo, saa 10 jioni inaonekana kama ukali wa mapokezi tu.

Naandika siku pamoja na tarehe kwa makusudi. Nikikosea moja, nyingine inanisuta, na mteja hunipigia kuuliza ipi ni ipi. "Kesho" siiandiki kabisa. Ujumbe wangu hausomwi na mama peke yake. Mhazini huusambaza kwenye kundi la kamati siku inayofuata, na hapo kesho yangu imeshasogea. "Usiku wa Ijumaa" nao nauepuka, kwa kuwa kwa watu wa pwani usiku huo ndio unaoanza Alhamisi jua likizama, ilhali wengine huanza kuuhesabu Ijumaa yenyewe jioni.

Ile 16:00 kwenye mabano ni kwa ajili ya simu. Tunasema saa 10, lakini anayetaka kujiwekea kengele atakuta simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na akiandika 10:00 italia saa 4 asubuhi. Kama mlipaji ni shangazi aliye Maskati naongeza "kwa saa za Dar es Salaam", maana kule wametutangulia kwa saa moja.

Kuna tarehe nisizoweza kutoa. Wiki ya Idd sijui kama tutafungua Ijumaa au la mpaka mwezi uandame, na karatasi maalumu ikiwa bado iko kwa msambazaji siwezi kuahidi siku ya kuchapa. Hapo naahidi siku ya kutoa taarifa: "Nitakupigia Alhamisi saa 5 asubuhi nikueleze karatasi imefika au bado." Nampigia hata kama haijafika. Mteja aliyeambiwa hivyo hashindi akiuliza "vipi, bado?", na akitaka kubadilisha karatasi anajua ataamua lini.

Mwenzangu mmoja hupenda kuwatajia wateja Jumapili wakati anajua kazi inahitaji jibu Jumanne, eti awape nafasi ya kuchelewa. Sikubaliani naye. Wateja wetu wanajuana, ni kamati zilezile, na wakishagundua kwamba Jumapili yake ina siku mbili za ziada, Jumanne yangu ya kweli nayo wataisukuma hadi Alhamisi, wakati mashine tayari imepewa kazi ya mtu mwingine.